Pesa Hapa Inakwenda Upande Gani? Hesabu ya Wakala Kabla ya Kufungua Kibanda

Anayetaka kufungua kibanda cha wakala wa pesa za simu huuliza kwanza juu ya mtaji. Milioni moja inatosha? Au nisubiri mpaka zifike tatu? Swali hilo ni la haki, lakini halina jibu mpaka lijibiwe lingine: hapo unapotaka kukaa, watu wanaweka pesa zaidi au wanatoa zaidi? Nimeona mawakala wenye mtaji mnene wakiwarudisha wateja kila saa nane mchana, na wenye mtaji wa wastani wakihudumia hadi jioni bila kuhangaika. Tofauti yao ilikuwa kwamba hawa wa pili walijua pesa za mitaa yao zinakwenda upande gani, wakajipanga kabla hazijawaishia.

Tuanze na jinsi biashara yenyewe inavyofanya kazi, kwa sababu makosa mengi yanaanzia hapo. Mteja akiweka Sh 50,000, anakupa keshi na wewe unampa floti kutoka kwenye laini yako ya wakala. Mteja akitoa Sh 50,000, floti inaingia kwenye laini yako na wewe unampa keshi. Katika hali zote mbili mtaji wako haukuongezeka wala haukupungua. Umebadilika sura tu. Kipato chako ni kamisheni, ambayo kampuni ya simu inakulipa kwa kila muamala kulingana na kiwango chake. Kwa hiyo kinachokusimamisha kazi si kuishiwa pesa. Unaweza kuwa na milioni tatu kamili na bado ukamrudisha mteja, kwa kuwa zote zimegeuka floti naye anataka keshi.

Kinachohesabiwa, basi, si jumla ya miamala bali pengo kati ya wanaoweka na wanaotoa. Tumchukue wakala wa mfano, dada mwenye kibanda karibu na soko la Makambako, mkoani Njombe. Mji huo uko njia panda: barabara ya Iringa kwenda Mbeya inakutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapohapo. Wanunuzi wa mahindi, viazi na mbao hutuma pesa kutoka mbali, na wenye mazao huja kuzitoa. Tuseme dada huyu anapata miamala 60 kwa siku, kila mmoja wastani wa Sh 50,000. Siku ya kawaida 35 wanatoa na 25 wanaweka. Pengo ni miamala 10, yaani Sh 500,000 tu za keshi zinazotoka zisirudi. Siku ya msimu miamala ni ileile 60, lakini 48 wanatoa na 12 wanaweka. Pengo linaruka hadi 36, yaani Sh 1,800,000. Kazi haikuongezeka hata kidogo, kamisheni ni karibu ileile, lakini keshi inayohitajika ni zaidi ya mara tatu.

Angekuwa mtaa wa wafanyakazi na wenye maduka Dar es Salaam, huenda mambo yangegeuka. Huko wengi huweka ili kutuma nyumbani kijijini, kwa hiyo kinachokauka ni floti, huku droo ikijaa noti. Januari na Julai, shule zinapofunguliwa, wazazi huweka ili kulipa ada na kununua mahitaji, na hata mji wa watoaji unaweza kugeuka kwa wiki moja au mbili. Sikukuu hugeuza mambo tena, na benki nazo siku hizo zimefungwa. Ndiyo maana mpango wa biashara ulioazimwa kwa wakala wa mji mwingine haukufai, hata kama yeye anafanikiwa.

Sasa tumpe dada huyu mtaji wa Sh 3,000,000. Anaanza asubuhi na keshi Sh 1,200,000, na floti Sh 1,800,000 zilizogawanywa kwenye laini zake: M-Pesa, Mixx by Yas na Airtel Money. Siku ya msimu, watu wanafurika kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Pengo la Sh 1,800,000 kwa saa sita ni sawa na Sh 300,000 za keshi kila saa. Asipofanya lolote, saa nane mchana droo iko tupu, na wengi wa watoaji wa saa mbili zilizobaki wanavuka barabara kwenda kwa jirani. Wengine hawatarudi hata kesho.

Wengi husubiri keshi iishe ndipo wakimbilie benki. Hapo kuna dawa ya hesabu ndogo. Pima safari yako ya kubadilisha floti kuwa keshi inachukua muda gani, pamoja na foleni. Tuseme saa moja na nusu. Kwa saa moja na nusu, kibandani zitatoka Sh 450,000. Ongeza mteja mmoja mkubwa anayeweza kutokea wakati hupo, tuseme wa Sh 200,000. Jumla ni Sh 650,000. Hicho ndicho kiwango chako cha kuondoka: droo ikifika hapo, safari inaanza, hata kama noti bado zinaonekana nyingi. Kwa dada wa Makambako kiwango hicho kinafika kabla ya saa sita. Anamwacha msaidizi, anakwenda kubadilisha milioni moja ya floti, na siku inamalizika akiwa na keshi Sh 400,000, bila mteja aliyerudishwa. Anayeishiwa floti hufanya hesabu hiyohiyo kwa upande wa pili, na kwa kila laini peke yake, kwa kuwa floti ya laini moja haimsaidii mteja wa laini nyingine mpaka uihamishe.

Kugawa floti kati ya laini ndiko kunakowachanganya wengi. Usigawe sawa kwa sawa, na usigawe kwa kuangalia kamisheni ya kampuni ipi ni nono. Weka daftari dogo la waliorudishwa. Kila mteja uliyeshindwa kumhudumia, andika laini, kiasi, saa, na kama alitaka kuweka au kutoa. Daftari la kawaida linakuonyesha ulichopata. Hili linakuonyesha ulichokosa. Baada ya wiki mbili utaona jambo ambalo macho hayakuliona, kwa mfano kwamba wengi wa waliorudishwa walitaka kuweka Airtel Money saa za jioni, wakati laki tano zako zimelala kwenye laini nyingine tangu Jumatatu. Shilingi inayofuata ya mtaji inakwenda mahali daftari linapoelekeza. Na mwenye mtaji mdogo asikimbilie laini nne au tano kwa pamoja. Milioni moja iliyokatwa vipande vitano haina kipande hata kimoja kinachotosha mteja wa maana.

Lakini safari za benki zina gharama yake: nauli, muda na hatari ya njiani. Kuna njia bora zaidi, nayo ndiyo ningemwambia kila anayeanza aitafute kabla hajaongeza mtaji: mteja wa upande wa pili. Ikiwa mtaa wako ni wa kutoa, floti inakujaa na keshi inakukimbia. Basi jiulize ni nani hapo jirani ambaye keshi inamjaa na anahitaji pesa za kwenye simu. Mara nyingi ni mwenye duka la jumla. Anauza mchana kutwa kwa noti, kisha lazima awalipe wanaomletea mzigo kutoka Dar es Salaam au Mbeya, nao wanataka malipo kwa simu au benki. Mwombe alete makusanyo yake kwako aweke kwenye laini yake, mara mbili kwa siku, kwa saa mnazoelewana. Wewe unapata keshi bila safari, naye hapangi foleni benki, na juu ya hapo kila uwekaji wake unakulipa kamisheni. Msambazaji wa soda, mwenye kituo cha mafuta na mwenye mashine ya kusaga wanaweza kufaa vilevile. Angalia tu kiwango cha juu ambacho laini ya mteja inaruhusiwa kupokea au kubeba kwa siku, ili msije mkakwama mkiwa na lundo la noti mezani. Katika mtaa wa kuweka, unamtafuta mtu wa kinyume chake: mnunuzi wa mazao, kwa mfano, anayepokea pesa kwa simu na kuwalipa wakulima kwa noti.

Wakala wa benki aliye karibu anasaidia pia, hasa Jumamosi mchana na Jumapili. Mawakala wenzako nao wanafaa, maana aliyejaa keshi upande wa stendi anaweza kubadilishana na aliyejaa floti upande wa soko. Ila kubadilishana huku kufanyike papo kwa papo, pesa kwa pesa, na kuandikwe. Floti ya kukopeshana, ya "nitakurudishia jioni", ndiyo iliyovunja urafiki mwingi katika kazi hii.

Tuje kwenye kipato. Kamisheni hutofautiana kwa kampuni na kwa kiwango cha muamala, kwa hiyo pata jedwali la sasa kutoka kwa wakala mkuu wako na usitegemee la kuhadithiwa. Kwa mfano wetu tuchukulie wastani wa Sh 350 kwa muamala. Miamala 60 kwa siku inaleta Sh 21,000, na kwa siku 26 za kazi ni Sh 546,000. Kamisheni ya wakala hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla haijakufikia, kwa hiyo mkononi inabaki Sh 491,400. Sasa toa gharama: kodi ya kibanda 60,000, mlinzi 20,000, umeme na vocha 15,000, usafiri wa kubadilisha pesa 60,000, akiba ya makosa 30,000, na mshahara wa msaidizi 150,000. Jumla ni Sh 335,000. Faida ya mwezi ni Sh 156,400.

Itazame vizuri faida hiyo. Miamala ikishuka kutoka 60 hadi 40 kwa siku, kamisheni baada ya kodi inakuwa Sh 327,600, na kibanda kinaanza kula mtaji. Noti chache za bandia au ulaghai mmoja wa Sh 200,000 unafuta kazi ya zaidi ya mwezi. Na kama milioni tatu hizo ni mkopo wa kurudishwa kwa miezi 12, rejesho la deni peke yake, bila riba, ni Sh 250,000 kwa mwezi. Faida hiyo haiwezi kulilipa. Utakuwa unalipa deni kwa floti, na kila mwezi kibanda kinazidi kunyauka mpaka kifungwe. Kwa hiyo usianze uwakala kwa mkopo wa kulipwa haraka. Anza na pesa yako, hata kama ni kidogo, na ikiwezekana uweke uwakala ndani ya biashara nyingine, duka au saluni, ambayo tayari inalipa pango na mshahara. Kwa mwenye duka, gharama zile za kibanda na msaidizi zinapungua sana, na hesabu inakuwa na maana.

Usijaribu kuongeza kamisheni kwa ujanja. Kugawa muamala mmoja vipande vipande ili ulipwe mara kadhaa kunaonekana kwenye mifumo ya kampuni, na laini yako inaweza kufungwa huku mtaji ukiwa ndani yake. Kumtoza mteja nyongeza ya mkononi ni kosa lingine, na hufukuza wateja kabla hata kampuni haijajua.

Kila jioni fanya hesabu moja tu: keshi yote jumlisha floti za laini zote. Kwa kuwa muamala haubadilishi jumla, jibu lazima liwe mtaji wako. Kwa dada wetu ni Sh 3,000,000, kila siku, iwe siku ya msimu au ya mvua. Kamisheni ikiingia, iandike na uihamishe, isichanganyike na mtaji. Hela ya mboga isitoke kwenye droo. Itoke kwenye kamisheni iliyokwisha kulipwa. Kama kuna msaidizi, hesabu ifanywe pia anapopokea zamu na anapoikabidhi, ili likitokea pengo lijulikane ni la saa zipi na mtu asiye na kosa asibebeshwe lawama.

Jumla ikipungua, kiasi chenyewe kinaweza kukupa dalili. Pungufu ya Sh 60,000? Tafuta kwanza muamala wa Sh 60,000 kwenye taarifa ya laini. Ukiukuta kwenye daftari kama utoaji lakini kwenye simu haupo, ulitoa noti kwa muamala ambao haukukamilika. Ukiukuta kwenye simu kama uwekaji lakini hauko kwenye daftari, uliweka bila kupokea noti. Pungufu ya Sh 9,000, au ya Sh 27,000? Tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi huashiria tarakimu zilizobadilishana nafasi: mteja amekupa 45,000 ukamwekea 54,000. Piga simu kampuni mara moja ukiwa na namba ya muamala, kwa sababu pesa ambayo mpokeaji hajaitumia inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa, kazi yako ni ngumu sana.

Noti haitoki mpaka salio liongezeke. Hii ni sheria isiyo na mteja maalumu, si jirani, si mwalimu, si askari. Matapeli hutuma ujumbe ulioandikwa sawasawa na wa kampuni, kisha mwenzao anasimama dirishani akisema ana haraka. Usiusome ujumbe kana kwamba ndio pesa. Angalia salio la laini. Mtandao ukisumbua na salio halionekani, mteja asubiri. Vivyo hivyo kwa kuweka: hesabu noti na uzikague kwanza, kisha ndipo ubonyeze. Anayesema "weka kabisa, keshi inakuja na boda" anakuomba umkopeshe mtaji. Mikopo ya namna hiyo kwa watu tunaowaheshimu huua vibanda kimyakimya, kwa kuwa mtu anaona aibu kudai.

Akikupigia anayejitambulisha kuwa mtu wa kampuni na kukuongoza ubonyeze namba fulani ili "kuhakiki laini", kata simu. Mfanyakazi halali hakuulizi namba ya siri. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma unaweza kuutuma kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo. Daftari lako la wateja nalo lifunike. Matapeli hulipiga picha, wakapata namba ya mteja na kiasi alichoweka, kisha humpigia wakijifanya wewe. Mteja akiibiwa hivyo, jina linaloharibika ni lako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa wajibu wa kuzitunza taarifa hizo.

Kuhusu uporaji, jambo la kwanza ni kupunguza kinachoweza kuporwa. Floti haichukuliwi kwa panga kirahisi kama noti. Kwa hiyo kuanzia saa kumi na moja jioni mwelekeo wako uwe kugeuza keshi ya ziada kuwa floti, kupitia wakala wa benki au mwenzako mwenye watoaji wa jioni, na kubaki na ile tu ya kufungulia kesho kabla benki hazijafunguliwa. Kwenye droo weka ya kuhudumia saa moja. Nyingine iingie kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti sakafuni, lenye tundu la kutumbukizia, na funguo zisikae kibandani. Usihesabu mafungu mbele ya foleni. Badilisha saa na njia ya kwenda benki, tumia bodaboda unayemfahamu, na usimwambie hata yeye umebeba nini. Na funga mapema. Miamala mitatu ya baada ya saa mbili usiku inakuletea kama Sh 1,000. Haifai kuwekwa mizani moja na maisha yako. Wakija wenye silaha, toa kilichopo. Mtaji unaweza kukusanywa tena.

TIN, leseni ya biashara na kitambulisho cha NIDA vitachukua siku zake, nawe usizipoteze siku hizo. Nenda ukakae karibu na mahali unapopataka, siku ya soko, siku ya kawaida na mwisho wa mwezi, uhesabu wanaoingia kwa mawakala waliopo na wanaotoka bila kuhudumiwa. Uliza maduka ya jumla yanalipaje mizigo yao. Ukikuta huwezi kuvuka miamala 40 kwa siku, wala hakuna mteja wa upande wa pili ndani ya mwendo wa dakika kumi, usilipie hicho kibanda. Tafuta pengine.